Faneli, shashi na maji ya uvuguvugu: tunavyomtafuta strongiloidi kabla ya prednisoloni

Nafanya kazi maabara ya hospitali moja hapa Dar es Salaam. Kwa miaka mingi nilimjua mnyoo wa strongiloidi kama kitu cha kujibia mtihani: nilimsoma chuoni, nikafaulu, nikamsahau. Aliyenikumbusha ni mama mmoja wa Mbagala.

Alikuwa na ugonjwa wa figo unaovujisha protini, uso na miguu imemvimba, akaanzishiwa prednisoloni, dawa ya steroidi, miligramu 60 kwa siku. Uvimbe ulipungua. Wiki ya tano akarudishwa hospitali anatapika, tumbo limejaa gesi, anakohoa na kifua kinapiga filimbi. Wodini wakasema pumu. Akaongezewa haidrokotisoni ya mshipa, yaani steroidi juu ya steroidi. Akazidi kubanwa, homa ikapanda, na damu tuliyootesha ikatoa ikolai, bakteria ambaye makazi yake ni utumbo.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Huyu mama hakuwa na kidonda wala mpira wa mkojo, na mkojo wake ulikuwa safi. Bakteria wa utumbo ameingiaje kwenye damu? Makohozi yake yalikwishapimwa kifua kikuu kwa mashine ya vinasaba na hayakuwa nacho. Ila mashine ile haiangalii kitu kwa macho. Sampuli huchanganywa kwanza na dawa kali, kilicho hai kinakufa humo humo, kisha mashine inatafuta vinasaba vya kifua kikuu tu. Nikachukua makohozi yaliyobaki, tone moja kwenye kioo na tone la maji ya chumvi, nikafunika, nikaweka lenzi ndogo ya kumi.

Walikuwa wanacheza. Lava wembamba, yaani minyoo wachanga, wanajinyonganyonga kama nyuzi zilizopata uhai, watatu wanne kila nilipohamisha kioo. Nikampigia daktari wa wodi.

"Dada, una uhakika si uchafu?"

"Dokta, uchafu hautembei. Njoo uone."

Strongiloidi ana tabia ambayo minyoo wengine wa utumbo wa mtu kwa kawaida hawana. Lava wake huingilia kwenye ngozi, mara nyingi miguuni kwa mtu anayekanyaga udongo wenye kinyesi, wakapita kwenye damu hadi mapafuni, wakapanda kooni, wakamezwa. Jike hukaa ndani ya ukuta wa utumbo mwembamba na huzaa bila dume. Mayai huanguliwa humo humo, kwa hiyo kinachotoka chooni ni lava, si mayai. Baadhi hawasubiri kutoka: wanakomaa ndani, wanatoboa utumbo na kuanza mzunguko upya. Ndiyo maana anaweza kukaa ndani ya mtu miongo kadhaa. Askari wa Uingereza waliotekwa na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kufanyishwa kazi kwenye reli ya Burma walikutwa naye zaidi ya miaka 30 baada ya kurudi kwao, ambako hawakuwa na mahali pa kumpata tena.

Kinga ya mwili ndiyo inayomweka mnyoo huyu kwenye idadi ndogo, mwenyeji asijue lolote. Steroidi zikiizima kinga hiyo, wale wachache wanaotoboa wanakuwa maelfu. Wanafurika mapafuni, ndipo kifua kinapiga filimbi, na kila mmoja anayetoboa utumbo anaweza kubeba bakteria hadi kwenye damu, hata kwenye utando wa ubongo. Usitegemee kipimo cha damu kikuonyeshe eosinofili wengi, aina ya chembe nyeupe za damu, kama inavyozoeleka kwa mtu mwenye minyoo. Steroidi huwashusha. Wa yule mama walikuwa karibu na sifuri, na sisi tukaona ni habari njema.

Alisimamishiwa haidrokotisoni, prednisoloni ikaanza kupunguzwa, akapewa antibayotiki na ivermektini, dawa ya kumuua mnyoo huyu, kila siku kwa mpira wa puani. Lakini utumbo ulikwishalala na dawa haikuwa inafyonzwa. Alifariki siku ya nne. Mwanawe alituambia kwamba kwao ni Rufiji, na mama amelima mpunga peku tangu utoto. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Baada ya hapo nilimwomba mkuu wa maabara ruhusa ya kufanya kipimo cha Bemani, kinachowatoa lava kwenye choo. Hakina gharama ya kutisha: faneli ya kioo, kipande cha mpira chini yake chenye kibanio, chujio la chai na shashi. Unajaza faneli maji ya uvuguvugu, kama joto la mwili au zaidi kidogo, unaweka gramu 10 hivi za choo juu ya shashi ili maji yaguse choo kwa chini. Lava hupenda joto, wanashuka kwenye maji, na kwa kuwa hawawezi kuogelea kwenda juu wanazama hadi kwenye kibanio. Baada ya saa mbili unafungua, unapokea maji ya chini, unayazungusha kwenye mashine na kuangalia mashapo.

Mwezi wa kwanza sikupata kitu kabisa. Nikakuta wahudumu wanaziweka sampuli kwenye friji zisubiri asubuhi, kama walivyozoea kwa mkojo. Baridi inaua lava, na lava mfu hashuki. Kosa la upande wa pili ni choo kilichokaa mezani siku nzima au zaidi: mayai ya mnyoo wa safura huanguliwa na unaona lava wanaofanana sana na wa strongiloidi. Sasa nataka choo cha asubuhi ile ile, bila friji wala fomalini. Nikiona lava naangalia mdomo. Wa safura ana koo refu la mdomo, wa strongiloidi ni fupi mno.

Choo kimoja kwa kipimo cha kawaida cha kupaka kwenye kioo kinawakosa wagonjwa wengi, kwa sababu lava hutoka wachache na si kila siku. Hata Bemani naomba sampuli tatu za siku tofauti.

Wa kwanza kumpata alikuwa binti wa kliniki ya ngozi aliyekuwa aanze prednisoloni kwa ugonjwa wa malengelenge. Nilipomuuliza akasema, "Dada, mimi dawa ya minyoo nakunywa kila baada ya miezi sita." Alikuwa akinywa albendazoli, kidonge kimoja. Kwa strongiloidi dozi hiyo ni dhaifu. Albendazoli ikitumika kabisa ni mara mbili kwa siku kwa siku saba, na bado ivermektini inaishinda. Alikuwa na kilo 45, akapewa miligramu 9, yaani vidonge vitatu vya miligramu 3, akarudia baada ya wiki mbili. Prednisoloni ilianza wiki hiyo hiyo ya kwanza, maana ngozi yake haikuweza kusubiri.

Daktari wake tunabishana mpaka leo. Yeye anasema kila anayeanza steroidi na ametoka sehemu kama zetu apewe ivermektini tu, vipimo vya nini. Kwa mgonjwa wa dharura nakubaliana naye kabisa, na hata Bemani tatu zisizo na lava hazimtoi mnyoo kwenye lawama. Ila mwenye lava ninataka nimjue, kwa sababu dozi moja si lazima immalize, na huyo ndiye ninayemwita tena alete choo wakati bado yuko kwenye prednisoloni. Binti alileta mara tatu. Faneli ilikuwa safi zote tatu, na bado nimemwandikia tarehe ya nne.