Siku moja maishani mwangu: kurasa tatu za fundi wa Keko na zote zinaitwa "Home"

Saa 12 na nusu asubuhi. Nimeamka na vois noti ya dakika nne ya mzee mmoja fundi fanicha wa Keko, ana tovuti yake alitengenezewa miaka ya nyuma na kijana fulani, analalamika "mwanangu watu wanaitafuta karakana yangu Google hawaioni, na wakiiona wanaona KARIBU SANA, sasa karibu sana ndo nini?" Nimecheka peke yangu kitandani. Chai, chapati mbili, laptopu kwenye begi, huyo nikadaka daladala.

Saa 2 na robo. Niko Keko, randa zinalia mpaka huwezi kusikia simu yako. Shikamoo mzee, marahaba, kaa hapo kwenye stuli, usikae kwenye ile ina vanishi. Nikafungua laptopu juu ya ubao wa mninga na kitu cha kwanza nikaandika Google `site:` halafu anwani yake, ili nione kurasa zake ambazo Google wanazo. Zikaja kurasa tatu, ya vitanda, ya makabati na ya sofa, na kweli zote tatu juu zimeandikwa KARIBU SANA na chini yake maneno "Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 hadi saa 12". Yani wewe unayetafuta kitanda unakaribishwa halafu unaambiwa muda wa kufungua, bas.

Kitu kimoja nilishukuru, angalau kurasa zipo. Huwa naangalia kwanza kama kuna mstari wa `noindex`, unaoiambia Google isiuweke ukurasa kwenye matokeo, umesahaulika, maana kwenye WordPress, programu iliyojengea tovuti ya mzee, kuna kile kiboksi cha kuzuia injini za utafutaji wakati tovuti bado inajengwa, na niliwahi kukutana na mteja alikaa miezi na tiki yake pale, anapiga picha za bidhaa kila wiki na anashangaa. Kwa mzee hakuna hiyo. Tatizo lake ni kwamba kurasa zipo ila hazisemi zinahusu nini.

Saa 3. Nikafungua ukurasa wa vitanda nikaangalia jina kwenye kichupo cha browza juu kabisa, limeandikwa Home. Makabati, Home. Sofa, Home. Halafu nikafungua konso (F12) nikapesti hiki ambacho nakitumia kila siku kuorodhesha hedingi za ukurasa, h1 ikiwa kichwa kikuu na h2 hadi h4 vichwa vya chini yake:

```
document.querySelectorAll('h1,h2,h3,h4')
  .forEach(h => console.log(h.tagName, h.textContent.trim()))
```

Ikaleta hivi:

```
H1
H1 KARIBU SANA
H4 Ubora wa uhakika
H1 BEI NAFUU
H4 Piga simu sasa
```

Hebu isome kama hujawahi kuona ule ukurasa. Unajua wanauza nini? Hujui. Neno kitanda halipo hata mara moja kwenye hedingi. H1 ya kwanza ni tupu kwa sababu ndani yake kuna picha ya nembo tu, haina hata `alt`, yale maneno ya kuielezea picha. KARIBU SANA ni h1 kwa sababu yule kijana alitaka maandishi makubwa, na "Piga simu sasa" ni h4 kwa sababu aliyataka madogo ila meusi. Yani hedingi zimetumika kama saizi ya herufi, wakati kazi yake ni kuonyesha kipi ni kichwa na kipi kiko chini ya kipi. Ukubwa ni kazi ya CSS, msimbo wa mwonekano.

Na hapo ndo KARIBU SANA ilipotokea. Watu wengi wanadhani ukiandika taito, yani lile jina la kwenye kichupo, basi Google lazima waonyeshe ileile, hapana. Mwaka 2021 mwezi wa nane walibadilisha mfumo wao, na wakaeleza kwamba wanaangalia `<title>`, ila wakiona haisemi kitu, imejirudia kila ukurasa au imejazwa maneno, wanaweza kuchukua kichwa kikubwa kinachoonekana kwenye ukurasa, au hedingi nyingine, au hata maneno ya linki zinazoelekea pale. "Home" haisemi kitu, wakaenda kwenye kichwa kikubwa, wakakuta KARIBU SANA. Tatizo ukurasa wenyewe haukuwapa chochote cha maana cha kuchukua.

Saa 4. Supu. Mzee kalipa.

Saa 4 na nusu. Sasa sehemu ambayo mimi naipenda, kutafuta maneno. Nikaingia Search Console ya mzee, pale Google wanapomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kwao (ilikuwepo, hakuna aliyewahi kuifungua), ripoti ya Performance, nikaona yale maneno machache ambayo watu waliandika mpaka ukurasa ukaonekana. Kitanda 5 kwa 6. Kitanda cha mninga. Vitanda Keko bei. Ukurasa wenyewe umeandika "samani za kisasa kwa ajili ya chumba chako cha kulala". Nikamuuliza mzee, mteja akija hapa anasemaje? Akasema "anasema nataka sita kwa sita ya mninga, bei gani." Ndo hivo, hakuna anayeingia getini anaulizia samani za kisasa. Kwa hiyo tukaandika hivi:

```
<title>Vitanda vya mninga 5x6 na 6x6, Keko Dar es Salaam</title>
<meta name="description" content="Vitanda vya mninga na mkongo,
futi 5 kwa 6 na 6 kwa 6. Tunachonga kwa oda, siku 10 hadi 14.
Karakana ipo Keko, tunapeleka popote Dar.">
```

Jina la karakana mzee alitaka liwe mwanzo. Nikamwambia mzee, taito haina idadi ya herufi uliyowekewa, ila Google wanaikata kulingana na upana wa skrini, kikikatwa mwishoni bora kikatwe kilicho cha ziada. Anayelijua jina lako ataliona kwenye anwani. Akakubali kwa shingo upande.

Yale maelezo ya chini, `description`, niliomba tuelewane mapema. Hayakupandishi kwenye matokeo. Kazi yake ni kumshawishi mtu akliki, na Google wanaweza wasiyatumie kabisa wakiona sentensi nyingine kwenye ukurasa inajibu vizuri zaidi alichoandika mtafutaji. Lakini ukiacha wazi wanaokota chochote, ndo ile Jumatatu hadi Jumamosi.

Hapa tukagombana kidogo. Kwenye msimbo kulikuwa na `meta name="keywords"` ina maneno kama arobaini, mpaka mitaa ambayo mzee hajawahi kupeleka hata stuli. Nikasema nafuta. Mzee, "hayo nililipia!" Nikamwelezea kwamba Google walisema wazi mwaka 2009 kuwa hawaiangalii hiyo tagi kupanga matokeo. Kanyamaza muda mrefu, halafu akasema futa. Nilimuonea huruma kwa kweli.

Saa 7 mchana. Wali maharage kwa mama ntilie pale nje, nimekula huku nachora hedingi mpya kwenye karatasi ya sandapepa upande wa nyuma:

```
h1 Vitanda vya mninga na mkongo, 5x6 na 6x6
  h2 Saizi na bei
  h2 Mbao tunazotumia
    h3 Mninga
    h3 Mkongo
  h2 Oda inachukua siku ngapi
  h2 Karakana ilipo Keko
```

Mninga na mkongo ziko chini ya mbao kwa sababu ni aina za mbao, hakuna siri nyingine. H1 nimeweka moja. Google wenyewe wanasema ukiwa nazo mbili haikuharibii kitu, na mpangilio wa namba hawaujali sana, ila mtu asiyeona anayesomewa ukurasa na simu anarukia hedingi hadi hedingi, na mimi mwenyewe nikiwa na moja najua ukurasa una jambo moja. KARIBU SANA imebaki palepale na ukubwa uleule, ila saivi ni aya ya kawaida yenye klasi ya CSS ya kuikuza.

Saa 8. Nimeweka taito kwenye plagini ya kuandikia taito na maelezo, nimesevu, nimerifreshi. Home. Nikafuta keshi, Home. Nikafungua dirisha la siri, Home. Umeme nao ukakatika, randa zote kimya, nikabaki na chaji asilimia 31 na bando la simu na mzee ananiangalia.

Nikabonyeza Ctrl+U nione msimbo wa ukurasa, nikatafuta `<title`. Ziko mbili! Ya kwanza Home, ya pili ile yangu. Browza ikikuta mbili inachukua ya kwanza. Kumbe yule kijana aliandika kwa mkono ndani ya `header.php`, faili ambalo linaitwa na kila ukurasa, ndo maana zote tatu zilikuwa Home tangu siku ya kwanza na hata angeandika nini pengine kisingeonekana. Nilipaswa kuhesabu taito asubuhi kabla ya kugusa chochote, uzembe wangu.

Dawa yake ni kufuta ule mstari wa mkono, na kuhakikisha `header.php` bado ina `wp_head();`, ambayo ndo inapitishia taito ya WordPress, na `functions.php` ina hii:

```
add_theme_support( 'title-tag' );
```

Hiyo ipo tangu WordPress 4.1, inaiambia WordPress iandike taito yenyewe kwa kila ukurasa. Thimu ya mzee ilikuwa nayo tayari, ndo maana zikatoka mbili. Ukifuta mstari na hii haipo unaweza kubaki bila taito kabisa, kwa hiyo angalia kwanza. Na nilibadilishia kwenye thimu mtoto, ile inayobeba mabadiliko yako tu juu ya thimu mama, maana ukigusa thimu mama siku ikiapdetiwa Home inarudi.

Saa 9 na dakika kumi. Ctrl+U tena, `<title` moja, `name="description"` moja. Makabati na sofa nazo nikazipa taito zake tofauti, hizo hazikuchukua hata dakika ishirini.

Saa 10. Umeme umerudi. Search Console, nikapesti anwani ya ukurasa wa vitanda kwenye URL Inspection, nikafanya jaribio la moja kwa moja, msimbo waliousoma una taito mpya. Nikabonyeza Request Indexing. Nikamwambia mzee inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa, kubonyeza mara kumi hakuharakishi, na simuahidi ukurasa wa kwanza, kilichobadilika ni kwamba sasa inaeleweka anauza vitanda.

Saa 1 usiku. Foleni, nimesimama mlangoni, simu inalia. "Mwanangu mbona bado KARIBU SANA?" Mzee, masaa matatu tu.

Saa 3 na nusu usiku. Nimeoga, niko kitandani, vois noti nyingine, hii ya dakika mbili. Mzee amefikiria akaona ile taito ya vitanda bado ina nafasi, kwa hiyo niongeze na milango, na madirisha, na majeneza. Nimemjibu mzee wangu, jeneza litafutiwe ukurasa wake, tafadhali usilale nalo kwenye ukurasa wa vitanda.