Milioni sita na laki tatu

Januari 2017, ofisini kwetu Mbarara, ziliingia shilingi milioni 641 ndani ya wiki mbili. Wafadhili walikuwa watatu, kila mmoja na mradi wake katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na wote walilipa mwaka mzima kabla kazi haijaanza. Wa maji alituma milioni 321: milioni 300 za kazi yenyewe na asilimia 7 juu yake kwa gharama za uendeshaji wa ofisi, yaani milioni 21. Wa shule alituma 220, ndani yake 20 za ofisi. Wa mbegu alituma 100 na akakataa katakata kuchangia pango la mtu.

Akaunti ya benki ilikuwa moja tu. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Mzee, mkurugenzi wetu, alikuwa na bili mezani tangu Novemba. Aliniuliza fungu la ofisi ni ngapi. Nikajumlisha 21 na 20, nikaandika vocha moja, nikahamisha milioni 41 kwenda mfuko wa jumla siku ileile. Bajeti ilikuwa imesainiwa, basi nikaona ni zetu. Zikalipa pango, bima ya gari, askari wa zamu, na mshahara wangu mwenyewe. Kufikia Oktoba zilikwisha zote.

Mwaka huo kisima cha kwanza kilitoka kikavu. Mashine ikakaa wiki nyingi ikingoja wapimaji watafute mahali pengine, na Desemba ikatukuta mradi wa maji umetumia milioni 210 tu kati ya 300. Shule ilimaliza 200 zake. Mbegu ilitumia 60, na 40 zilizobaki zilikuwa za msimu wa mvua za Machi.

Mkaguzi alikuja kutoka Kampala, dada mpole mwenye kalenda ya benki mgongoni mwa daftari lake. Hakuanza na vocha. Alichukua karatasi tupu akaniambia, “Kaka, nitajie kila mfadhili, na tunamdai au anatudai kiasi gani leo.”

Nikamwambia maji wanatudai 90, kazi ambayo haijafanyika. Akatikisa kichwa.

“Asilimia 7 ya nini?”

“Ya milioni 300.”

“Mkataba unasema ya gharama zilizotumika. Umetumia 210. Asilimia 7 yake ni milioni 14 na laki saba. Umechukua 21.”

Niliufungua mkataba mbele yake na kweli, sentensi ilikuwa pale, ukurasa ambao niliupitia mara moja tu kutafuta namba ya akaunti. Fedha iliyolipwa kabla ni deni letu kwa mfadhili hadi kazi ifanyike, na fungu la ofisi ni mkia wa kazi hiyo: kazi ikisimama, nalo husimama. Nilikuwa nimehamisha milioni 6 na laki tatu ambazo hatujazifanyia kazi.

Akaandika madeni: maji 96.3, mbegu 40, shule sifuri. Jumla 136.3. Kisha akaweka salio la benki pembeni: 130.

Nakumbuka alivyopiga mstari chini ya pengo lile, taratibu, kwa rula. Kwa mwaka mzima nilikuwa nalinganisha leja na taarifa ya benki kila mwezi, na kila mwezi vilikubaliana hadi shilingi ya mwisho. Bila shaka vilikubaliana! Benki haijui fedha ni ya nani. Swali ambalo sikuwahi kuuliza ni kama salio linatosha kuwarudishia wote kwa siku moja.

“Sasa hizi sita zimetoka wapi?” Mzee aliuliza.

“Kwa mbegu au kwa maji,” dada akajibu. “Akiwahi mmoja kudai, mwingine ndiye aliyewalipia pango.”

Mfadhili wa mbegu, yule asiyetaka kusikia habari ya pango.

Nikaandika vocha ya kurudisha: mfuko wa jumla unadaiwa na mradi wa maji milioni 6 na laki tatu. Mfuko ukafunga mwaka ukiwa na upungufu huo, na Mzee akausaini bila kunitazama. Mfadhili wa maji alikubali kuongeza miezi sita bila kuongeza fedha.

Mwisho wa Januari 2018 mradi wa maji ulikuwa umetumia milioni 4 zaidi. Asilimia 7 ni 280,000. Nilipeleka vocha kwa Mzee.

“Angalau tumlipe askari,” akasema.

“Hizi tulishazila mwaka jana, Mzee. Zinapunguza deni tu.”

Akaandika pembeni kwa penseli: 6,020,000.