Leso ya sare

Alinipigia Jumatatu usiku, zikiwa zimebaki siku tisa filamu ionyeshwe. Hakuzunguka. "Mdogo wangu, niondoe." Nikamjibu, "Sawa, dada, nitakuondoa." Sababu hakuitoa nami sikuiuliza. Nilipokata simu nilikaa kitandani muda mrefu nikifikiria dakika nne zake, zile nilizoziona kuwa moyo wa filamu nzima.

Filamu yenyewe ni ya dakika ishirini na sita, kuhusu wanawake wa Pwani waliokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani wakarudi na majeraha yasiyosemeka mbele ya wakwe. Yeye ni mmoja wa watatu waliozungumza kwa sharti la kutotambulika. Hata hapa nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane.

Siku ya kurekodi tulimketisha mgongo wake ukielekea dirishani, mwanga ukaingia kutoka nyuma, uso ukawa kivuli kitupu. Sauti tuliishusha baadaye kwenye kompyuta. Jina hatukulitaja popote. Nikaamini kazi imekwisha. Kisha nikampelekea rasimu aitazame akiwa na dada yake mkubwa, mtu pekee katika ukoo anayejua yaliyompata.

Dada mtu hakuhitaji hata dakika moja. Kulikuwa na picha ya sekunde nne ya mikono yake mapajani, na pembeni pindo la leso likaonekana. "Hii ni sare ya harusi," akasema. "Tulivaa sisi tu, upande wa bibi harusi." Mimi niliona rangi nzuri. Yeye aliona orodha ya wanawake wasiozidi arobaini, wote wa ukoo mmoja. Mwanamke yeyote wa mtaa ule angeihesabu orodha hiyo hadi abaki mmoja aliyewahi kusafiri.

Baada ya hapo tulianza kusikiliza kwa masikio yake. Ile sauti iliyoshushwa haikumficha: pumzi zake, kicheko chake kifupi, namna anavyorudia neno la mwisho, vyote vilibaki. Tena sauti iliyoshushwa kwa kiwango kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, mtu akiipandisha kwa kiwango kilekile inarudi karibu kama ilivyokuwa. Na chini ya sentensi moja alisikika mtoto uani akiita "mama" na jina la kaka yake. Mimi nilikuwa nimeisikia sauti hiyo mara hamsini nikihariri, nikaichukulia kuwa kelele za mtaa. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo mtoto yule alikuwa amemtaja kwa jina kamili.

Tukaitoa picha ya mikono. Sauti yake tukaiondoa yote, na mwigizaji wa kike akasoma maneno yaleyale, neno kwa neno, tukaandika kwenye skrini kwamba sauti si ya mhusika. Mandhari ya sauti tukarekodi upya mahali pengine kabisa, kwa sababu hata adhana ya msikiti wa karibu wenyeji huijua kwa sauti ya mwadhini.

Lakini palikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi, na hili halikuhusu kuficha uso. Katika mahojiano alisema kwamba miezi mitatu ya kwanza alikaa vizuri, mshahara ukija, ndipo mambo yakageuka na pasipoti ikafungiwa kabatini. Mimi nilikuwa nimekata ile miezi mitatu. Hadithi ikawa kali zaidi, ikaanza moja kwa moja na mlango uliofungwa. Na kimya chake cha sekunde kumi na moja, alichokaa baada ya swali kuhusu nauli ya kurudi, nilikihamisha nikakiweka baada ya swali kuhusu usiku. Watazamaji wangeelewa jambo ambalo hakulisema. Alipotazama aliniuliza kwa upole, "Hapa nilinyamaza?" Nikaona haya. Nilikirudisha kimya mahali pake, na miezi mitatu nikairudisha pia. Ridhaa aliyonipa ilikuwa ya maneno yake, na mpangilio wa kwanza ulikuwa hadithi yangu.

Aliitazama tena, akakubali. Tukafunga picha, mpangilio usiguswe tena. Wiki mbili baadaye ndipo akapiga ile simu.

Asubuhi yake mtayarishaji mwenzangu alinikumbusha kwamba karatasi imesainiwa, na imesema kujiondoa kunaruhusiwa hadi siku ya kufunga picha. Ni kweli, niliiandika mwenyewe. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 32, inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa wakati wowote, ingawa yaliyofanywa kihalali kabla ya hapo hayabatiliki. Kifungu cha 52 kinaweka msamaha kwa kazi za uandishi wa habari na sanaa zenye maslahi ya umma. Wakili angeweza kutupigania. Mimi sikutaka kushinda kesi dhidi ya mwanamke ambaye pasipoti yake ilishawahi kufungiwa na mtu mwenye karatasi iliyosainiwa.

Tukamtoa. Filamu ikabaki dakika ishirini na mbili. Mwenzangu alipendekeza tuweke maandishi kwamba mhusika mmoja amejiondoa. Nilikataa, kwa kuwa maandishi hayo yangewafanya watu waanze kumtafuta.

Kufuta nako kulichukua siku mbili. Video halisi ilikuwa kwenye diski mbili, nakala nyepesi za kuhariria kwenye kompyuta ya mhariri, maandishi ya mahojiano kwenye barua pepe, manukuu kwenye faili jingine. Faili la kwanza kabisa lilikuwa na jina lake. Mpiga picha alilibatiza hivyo kwa mazoea. Na kulikuwa na video ya ridhaa. Kwa kuwa hasomi vizuri, tulimrekodi akikubali kwa mdomo, uso wazi, akitaja majina yake matatu. Tulijitahidi kumficha kwenye filamu, huku ushahidi wa kumfichua ukikaa kwenye diski ileile, bila hata nywila.

Mawili sikuweza kuyafuta, nikamwambia. Nauli nilimtumia kwa M-Pesa, na jina lake limo kwenye kumbukumbu za malipo tunazotakiwa kuzitunza kwa ukaguzi. Na tangazo fupi lililokuwa na sekunde sita za kivuli chake lilikuwa limekaa mtandaoni siku nne. Nimelishusha, ila siwezi kujua ni nani amelihifadhi kwenye simu yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kwenye sekunde hizo leso inaonekana. Haionekani. Nilikuwa nimekwisha kuliangalia, picha moja baada ya nyingine.

Leo nimewapigia wale wawili waliobaki. Habari za mwenzao sikuwagusia. Safari hii sikupitia kwa yule aliyetukutanisha, kwani ndiye aliyewasaidia kurudi nyumbani na mbele yake ni vigumu kwao kusema hapana. Mmoja amesema tuendelee. Wa pili amesema anataka kuitazama sehemu yake mara moja zaidi, mchana, watoto wakiwa shule. Nitakwenda Alhamisi kwa basi la saa mbili, na kompyuta naibeba mwenyewe.