Salamu isimeze imeli ya mauzo

Leo mwenzangu wa ofisini kanipa imeli yake niipitie kabla hajaituma, inaenda kwa meneja wa maduka ya vipuri, anamuuzia programu ya stoo. Inaanza hivi: "Habari za asubuhi, natumaini u mzima wa afya pamoja na familia yako, kwanza kabisa napenda kukushukuru kwa muda wako..." Aya nzima imeisha na programu bado haijatajwa.

Shida ni kwamba kwenye simu, kabla hajafungua, meneja anaona kichwa cha imeli na maneno machache ya mwanzo basi, na hapo ataona afya na familia tu. Halafu mtu usiyemjua akikusalimia sana si unajua kinachofuata, anataka kukopa, kwahiyo ile heshima yote inageuka kumtia wasiwasi. Na hiyo "asubuhi" je, akiisoma saa mbili usiku?

Mwenzangu akasema basi nafuta salamu zote. Hapana jamani, ukianza na "Tunauza programu" bila hata habari unaonekana umemvamia mtu. Nilichomwambia ni atafute salamu inayobeba hoja. Jamaa kafungua tawi la pili juzi na katangaza mwenyewe, sasa hongera ya kweli si hiyo hapo. Tukaandika upya, kichwa tukaweka "Stoo ya matawi mawili":

"Habari za kazi, Bwana Meneja. Hongera kwa tawi jipya. Matawi yakiwa mawili, kipuri kinaweza kuisha huku wakati kule kimejaa, na mteja akaondoka. Programu yetu inakuonyesha stoo zote mbili kwenye simu yako. Naomba dakika 15 Alhamisi nikuonyeshe kwa kutumia bidhaa zako mwenyewe. Kama siku hiyo haikufai, naomba unitajie inayokufaa."

Adabu haijapungua hata kidogo, imehamia kwenye "naomba" na kwenye kumwachia achague siku. "Samahani kwa usumbufu" nimeitoa, maana ukishaita imeli yako usumbufu na yeye ataichukulia hivyo hivyo. Shikamoo nayo sishauri kwa mteja usiyemjua, hujui hata umri wake. Na kama huna hongera ya kweli usiitunge, "Habari za kazi" na jina vinatosha, unaingia kwenye shida yake moja kwa moja. Mteja mliyezoeana ni habari nyingine, huyo muulize tu za mgonjwa wake, ila mimi naweka mwishoni baada ya ombi.

Jioni meneja akajibu: "bei gani". Hamna salamu, hamna nukta. Mwenzangu akataka kumjibu kikavu vilevile, namba tu, nikamwambia weka "Asante kwa kujibu", halafu bei iwe kwenye mstari huohuo, usimzungushe.