Hatua za uchungu kwenye karatasi ya manila: siku tatu za kwanza

Jumatatu

Nimeanza kuifupisha sura ya hatua za uchungu wa kuzaa iwe mstari wa muda: juu saa zinakwenda, chini yake mambo ya kuangalia, na kwa wino mwekundu dalili za hatari. Kila saa niliipa sentimita 4 za karatasi. Hatua ya kwanza ikameza karibu manila nzima. Hatua ya tatu, yaani tangu mtoto atoke hadi kondo la nyuma litoke, ikabaki na sentimita 2 tu, hata nikiihesabia nusu saa nzima. Hapo ndipo nilipokuwa na mengi ya kuandika kwa nyekundu, na kalamu haikupata pa kupita.

Ili nafasi ipatikane nilifuta mstari wa mkojo. Niliona ni jambo dogo.

Jumatano

Nimekata manila vipande vitatu, kila kimoja na kipimo chake. Cha kwanza kinahesabu saa, cha pili na cha tatu vinahesabu dakika.

Kipande cha kwanza kimenirudisha nyuma kidogo. Nilikuwa nimeandika "sentimita 1 kila saa" kama sheria, kwa kuwa patografu tuliyoizoea, ile chati ya kufuatilia uchungu, inaanzia njia ya kizazi ikiwa imefunguka sentimita 4 na mstari wake wa tahadhari unapanda hivyo. Mwongozo wa WHO wa 2018 unaanza kuhesabu uchungu mkali kwenye sentimita 5, na hautaki kila mama apimwe kwa mwendo huo mmoja. Mzazi wa kwanza kwa kawaida havuki saa 12 kutoka hapo hadi njia ifunguke yote, na aliyewahi kuzaa havuki saa 10. Mwanzoni njia hufunguka taratibu, kisha inaongeza kasi. Kwa hiyo nyekundu yangu sasa haifuati mstari ulionyooka. Mama akikaa kwenye sentimita 5 kwa saa 6 bila kusogea, ni tahadhari, lakini akifika 8, saa 2 na nusu zinatosha kukushtua.

Mapigo ya moyo ya mtoto yana mstari wake: kila dakika 30 kwenye hatua ya kwanza, kila dakika 5 kwenye ya pili, njia ikishafunguka yote. Unasikiliza dakika nzima, uchungu ukiwepo na unapoachia, kwa sababu mapigo yanayoshuka na kuchelewa kurudi yanajificha kwa anayesikiliza wakati wa utulivu tu. Chini ya 110 au kufika 160, andika kwa nyekundu na uite mwenzako. Maji ya kijani mazito vilevile.

Ijumaa

Leo nimeijaribu kwa mfano wa mazoezi tuliopewa darasani. Saa zote naandika kama kwenye faili, 14:10 na si "saa nane na dakika kumi", ili usiku na mchana visichanganyike.

Mama wa mimba ya nne amejifungua 14:10. Baada ya kuhakikisha hakuna mtoto wa pili tumboni, oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, uniti 10 imechomwa 14:11. Kondo limetoka 14:19, likiwa kamili. 14:30 kizazi ni kigumu, kiko usawa wa kitovu, damu kidogo. 14:45 kizazi kimepanda juu ya kitovu, kimeegemea kulia, ukikibonyeza ni laini kama unga uliokandwa. Pedi imelowa yote. Mapigo ya mama yametoka 84 hadi 108, presha bado haijashuka.

Niliandika haraka: "Kizazi hakijakaza, ita msaada, kanda kizazi." Hilo ni sahihi, lakini mwalimu aliweka kidole kwenye karatasi akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini kimeegemea kulia?"

Sikuwa na jibu, maana jibu nilikuwa nimelifuta Jumatatu. Kwenye maelezo ya mfano, mama alikojoa mara ya mwisho 10:50. Kibofu kilichojaa kinakisukuma kizazi juu na pembeni, nacho hakiwezi kujikaza na kubana mishipa pale kondo lilipokuwa limeshika. Ukikanda bila kuutoa huo mkojo, kizazi kinakaza kidogo halafu kinalegea tena. Na ukingoja presha ishuke ndipo uamini, damu nyingi imeshapotea, kwa sababu mapigo ya mama hupanda kwanza.

Nimerudisha mstari wa mkojo, kwa bluu, na huo haukatiki: unaanzia kipande cha kwanza, unavuka maungio yote hadi saa 2 baada ya kondo kutoka. Kila mama anapokojoa naweka nukta. Kwa mfano wa leo kuna nukta moja 10:50, kisha bluu tupu hadi 14:45, na hapo juu yake ndipo nyekundu inapoanza.

Kesho naunganisha vipande kwa gundi. Bado sijapata pa kuweka kondo lisilotoka ndani ya dakika 30, nadhani nitaongeza kipande cha nne chini yake.