Mstari wa mwisho kwenye daftari

Wiki ya kurudia masomo imeanza na bado nafunga kazi saa kumi na mbili jioni. Mwenzangu wa chumbani ananiona mvivu. Yeye husoma hadi kitabu kimwangukie kifuani, na usiku namsikia anataja fomula usingizini.

Kufunga hunichukua kama robo saa. Sianzi swali jipya. Naangalia kundi la darasa, kama mwalimu kabadilisha tarehe ya jaribio naiandika kwenye kalenda, kisha nazima data. Hayo ni mepesi. Kazi yenyewe ni mstari mmoja ninaouandika chini ya ukurasa wa siku hiyo, na ukiwa mbovu jioni nzima inaharibika.

Ukiandika "Kesho: takwimu", hujaandika kitu. Leo nimekwama kwenye alama zenye mtawanyo wa kawaida, wastani 52 na mkengeuko sanifu 8. Wanataka sehemu ya waliopata zaidi ya 60. Nimeacha hivi: "Saa mbili asubuhi, swali la 4(b). z = (60 − 52) ÷ 8 = 1. Fungua jedwali, linatoa eneo la kushoto, kwa hiyo toa kwenye 1." Dakika chache zingetosha kulimaliza, najua. Lakini nyuma yake kuna la tano, na kesho nitakaa mezani nikijua mkono unaanzia wapi.

Wanasaikolojia Masicampo na Baumeister walichapisha mwaka 2011 majaribio kuhusu jambo hili. Watu waliokuwa na shughuli ambayo haijakamilika, ilikuwa inawaingilia wakifanya kitu kingine; waliopewa nafasi ya kupanga kwa undani wataifanyaje, usumbufu huo ulipungua, ingawa shughuli yenyewe ilikuwa bado haijaguswa. Kumbe akili haidai jibu, inadai ahadi yenye saa na mahali pa kuanzia.

Mstari mbovu naujua wakati wa chakula. Mama mwenye nyumba hutuita tuote moto jikoni, maana Uyole mwezi wa saba si mahali pa kukaa chumbani bila sababu, na kama nakula kande huku nageuza swali kichwani, basi kuna hatua sikuiandika. Narudi kuiandika, silitatui.

Si kila kitu hukubali. Ada isiyolipwa haina ukurasa wa kufungua. Hapo naandika tu nitampigia nani na siku gani, na bado hunisumbua kiasi. Na usiku wa kuamkia jaribio utaratibu huu hulegea, sidanganyi.

Wazo likija nikiwa kitandani, kuna kipande cha karatasi kando ya mto. Naandika maneno machache, daftari siligusi. Mengi ya mawazo hayo, nikiyasoma asubuhi, ni upuuzi mtupu.