Nilivyoacha kudanganywa na kipimo cha udongo wa mfinyanzi uliovurugwa

Kwenye udongo laini wa mfinyanzi wa Norwe, namba iliyonisumbua kuliko zote ni nguvu ya udongo ukishavurugwa. Unyeti hupatikana kwa kugawa nguvu ya mkato ya udongo mzima kwa nguvu yake baada ya kukandwa, maji yakibaki yaleyale. Kwa kuwa kigawanyo ni kidogo sana, kosa dogo hapo huharibu jibu lote.

Kwanza nilitumia kifaa cha mabapa manne kinachozungushwa ardhini. Udongo mzima ulitoa kilopaskali 16. Baada ya mizunguko 25 ya kuuvuruga nikasoma 2, yaani unyeti wa 8 tu. Kumbe sehemu kubwa ya hiyo 2 ilikuwa msuguano wa fimbo.

Nikahamia koni ya kuangusha maabarani. Koni ya gramu 100, ncha ya nyuzi 30, ilizama milimita 7 kwenye kipande kizima. Kisha nikaukanda udongo kwa kisu bapa, nikikwepa mapovu ya hewa na nikifanya haraka usikauke, hadi vipimo viwili mfululizo vilipolingana. Koni ya gramu 10, nyuzi 60, ilizama milimita 10.

```
cu = c × 9.81 × m / i²   (cu: nguvu ya mkato, kPa; c: kizidishi cha pembe ya koni; m: uzito wa koni, g; i: kina ilichozama, mm)
0.80 × 9.81 × 100 / 7²  = 16.0
0.27 × 9.81 × 10 / 10²  = 0.26
```

Unyeti: karibu 60. Hata hivyo mimi huanza kutazama ile 0.26, kwa sababu kigezo kilichozoeleka Norwe kwa mfinyanzi unaogeuka uji kilikuwa chini ya 0.5, na siku hizi ni chini ya 0.33. Sampuli iliyotikiswa njiani hushusha nguvu ya udongo mzima na kuficha unyeti, lakini ile ya uliokandwa haibadiliki sana.

Nguvu hiyo ya udongo uliokandwa ndiyo inayoamua kama udongo ulioanguka utatiririka. Ukibaki chini ya mteremko, huegemeza ukuta ulioachwa nyuma. Ukitiririka, ukuta huo hukosa mhimili, nao huanguka, na unaofuata vivyo hivyo. Ndivyo ilivyokuwa Rissa, Norwe: tarehe 29 Aprili 1978, takriban mita za ujazo 700 za udongo uliochimbwa kwa ajili ya kupanua zizi zilirundikwa ufukweni mwa ziwa Botnen. Mporomoko ukarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kuchukua kati ya milioni 5 na 6.

Mfinyanzi huu ulituama baharini, chembe zikishikana ovyo kama kadi zilizosimamishwa na kuacha nafasi kubwa za maji. Nchi ilipoinuka, maji baridi yakaosha chumvi. Umbo likabaki, mshikamano ukapungua. Ukivunja umbo hilo, maji yamezidi kiasi ambacho chembe zinaweza kukishika. Ukitaka kuliona kwa macho, koroga chumvi ya mezani kwenye kikombe cha uji huo: baada ya muda mfupi hautamiminika tena.